Umetumiwa picha ya ukurasa mzima: ufupishe au utafsiri yote?

*Swali: Mi najua lugha mbili vizuri ila sijasomea utafsiri. Ndugu na marafiki wananitumia picha ya barua, ukurasa umejaa maandishi juu mpaka chini, wananiuliza tu "imeandikwaje hii?" Nikikaa nitafsiri yote inanila jioni nzima afu mtu anasoma mistari miwili. Nikimpa kwa kifupi, wiki mbili baadae anarudi analalamika mbona sikumwambia kuhusu tarehe fulani. Nitajuaje lini nifupishe na lini nitafsiri neno kwa neno?*

Ndugu yangu, jibu halipo kwenye barua, lipo kwa anayeisoma. Ukurasa uleule mmoja unaweza kuhitaji mistari mitatu kwa mtu mmoja na tafsiri ya mpaka nukta ya mwisho kwa mwingine, na wote wawili wakawa sahihi. Sisi tunaofanya hii kazi kwa kulipwa tunaanza na kitu kimoja kabla hata hatujaifungua picha vizuri, tunamuuliza mtu: ukishasoma nitakachokuandikia, utafanya nini? Hatumuulizi unataka kifupi au kirefu, manake hapo kila mtu atakujibu "kifupi tu" kwa kukuonea huruma, au "yote" kwa kuogopa kupitwa na kitu. Muulize atafanya nini. Kuna Mjerumani anaitwa Hans Vermeer, mwishoni mwa miaka ya 1970 alijenga nadharia nzima juu ya wazo hilohilo, kwamba tafsiri inapimwa kwa kazi inayokwenda kufanya, lakini we huhitaji nadharia, unahitaji meseji moja ya kuuliza.

Majibu yatakayokuja yanaangukia sehemu tatu hivi. Kuna anayetaka tu kujua, yaani habari ni njema au mbaya, inamhusu au haimhusu. Kuna anayetaka kutenda, alipe, ajibu, aende mahali, asaini. Na kuna anayetaka kuitumia ile karatasi mbele ya mtu mwingine, wakili, ofisi, mahakama, daktari. Wa kwanza mpe kiini. Wa tatu mpe yote. Anayesumbua ni huyu wa katikati, na nadhani ndo huyo anayekurudia baada ya wiki mbili na malalamiko, kwa hiyo nitakaa sana kwake.

Tuchukue barua moja tuifanyie kazi. Kampuni ya bima inamjibu mtu ambaye nyumba yake iliharibiwa na maji ya bomba. Ukurasa mmoja wa A4, maneno kama 550, aya sita, chini kabisa maandishi madogo, na mwishoni kuna kipande cha kusaini na kurudisha. Aya ya kwanza inataja namba ya madai na tarehe ya tukio. Ya pili ni ndefu kuliko zote, inaeleza fundi wao alikuja tarehe 21/08 akakagua nini na akaona nini. Ya tatu inasema katika 3.400,00 zilizodaiwa wamekubali 1.250,00. Ya nne inasema 2.150,00 zilizobaki wanazikataa kwa sababu kifungu cha 7 cha mkataba hakilipii uharibifu wa maji yaliyovuja polepole kwa muda mrefu. Ya tano inasema asiyekubaliana aandike pingamizi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua. Ya sita inasema ili kulipwa, asaini kipande cha chini akirudishe. Barua yenyewe imeandikwa tarehe 03/09.

Sasa, mtu mwenye haraka anampa mwenye nyumba kiini hiki: "wamekubali kukulipa 1,250, saini hapo chini urudishe." Hakuna uongo hata mmoja hapo. Kila neno lipo kwenye barua. Ila juu ya mstari wa sahihi, kwa herufi ndogo, kuna sentensi moja inayosema anayesaini anapokea kiasi hicho kama malipo kamili na ya mwisho ya madai yake na hatadai kingine kuhusu tukio hilo. Kwa hiyo yule mtu akisaini kwa kuufuata muhtasari wako ameziaga 2,150 zake, tena na zile siku 14 za pingamizi hazina maana tena kwake. Muhtasari mbaya mara nyingi uko hivi, hausemi uongo wowote ila unaacha ile sentensi moja iliyokuwa inageuza kila kitu.

Ndo maana kwa mtu wa kutenda sichagui kati ya kifupi na kamili, ninavichanganya. Kwanza nasoma ukurasa wote, wote kabisa, mpaka maandishi madogo ya chini, hata kama najua nitaandika mistari mitano tu. Huwezi kufupisha usichokisoma, na watu wengi wanaokosea hapa wanakosea kwa sababu walifupisha huku wanasoma, aya ya kwanza wakaiandika kwa urefu, ya nne wakachoka, ya sita wakairuka. Baada ya kusoma narudi mara ya pili nikiwa na peni, natia alama kila sentensi inayomng'ata msomaji: inayomwagiza kitu, inayotaja muda wa mwisho, inayotaja hela, inayoweka sharti, inayosema nini kitatokea asipofanya, na chochote kilicho karibu na nafasi ya sahihi. Hizo natafsiri kamili, sentensi nzima kama ilivyo bila kuipamba. Zilizobaki ndo nazifupisha. Kwenye barua yetu ya maneno 550 zinazong'ata zitafika labda maneno 120, hivyo kazi inakuwa ya nusu saa badala ya jioni nzima.

Mwenye nyumba angepata kitu kama hiki:

"Huu ni muhtasari, si tafsiri kamili. Barua ya kampuni ya bima ya tarehe 3 Septemba. Kati ya 3,400 ulizodai wamekubali 1,250. Wamekataa 2,150 kwa kuwa wanasema kifungu cha 7 hakilipii maji yaliyovuja polepole kwa muda mrefu. Usipokubaliana unatakiwa uandike pingamizi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua, yaani mwisho ni 17 Septemba. Ili ulipwe 1,250 usaini kipande cha chini, LAKINI maneno yaliyo juu ya sahihi yanasema hivi, nayatafsiri kamili: 'Ninapokea kiasi kilichotajwa kama malipo kamili na ya mwisho ya madai haya na sitadai kitu kingine chochote kuhusiana na tukio hili.' Sijatafsiri: aya ya pili (fundi wao alivyokagua, ni ndefu) na maandishi madogo ya chini kabisa (anwani za kampuni na utunzaji wa taarifa zako)."

Angalia mstari wa kwanza na wa mwisho, hiyo miwili ndo itakayokuokoa na lawama. Wa kwanza unasema hii ni nini. Uweke mwanzoni kabisa, usiuweke mwisho, kwa sababu meseji yako itatumwa kwa mtu wa tatu na wa nne na ikikatwa itakatwa mkia. Nimeona muhtasari wa mistari sita ukifika mezani kwa wakili kama "tafsiri ya barua". Wa mwisho unasema umeacha nini. Muhtasari ambao hauonyeshi mashimo yake ni hatari kuliko kutokuwa na muhtasari kabisa, manake msomaji anadhani ameshajua yote. Akiona umeandika "aya ya pili sijaitafsiri, inaeleza ukaguzi" anaweza kukuambia hapo hapo, aisee hiyo ndo naitaka.

Na ataitaka, kama anaenda kupinga. Hapa barua hiyohiyo inageuka. Mwenye nyumba akisema "sikubali, nampelekea wakili", ile aya ya pili iliyokuwa makapi ndo inakuwa roho ya barua yote, kwa sababu kukataliwa kwake kumejengwa juu ya alichokiona fundi. Ameandika ukutani kuna madoa ya zamani? Ameandika "huenda" yalivuja muda mrefu au amesema yalivuja, basi? Alikagua bomba lenyewe au aliangalia ukuta tu? Wakili anatafuta tundu, na tundu huwa liko kwenye maneno ambayo mfupishaji anayaona mapambo. Wewe huwezi kumchagulia, hujui anatafuta nini, kwa hiyo hapo hakuna kufupisha, tafsiri ukurasa wote pamoja na kichwa cha barua, namba za kumbukumbu, muhuri, maandishi ya mkono pembeni, na yale madogo ya chini. Usichoweza kukisoma unakiandika [haisomeki], palipo na muhuri unaandika [muhuri] na maneno yake kama yanaonekana, penye sahihi [sahihi]. Usijaze kwa kubahatisha hata kama una uhakika wa asilimia tisini.

Aliyebaki kwenye barua hii ni mdogo wake mwenye nyumba, aliye mbali, anayeuliza tu "vipi, bima wamelipa?" Huyo mpe sentensi moja: wamekubali kama theluthi, nyingine wamekataa, ana wiki mbili za kupinga. Ukimwandikia zaidi ya hapo unamchosha. Hayo ndo majibu matatu ya picha moja, na yote matatu ni sahihi.

Kuna kipimo kingine cha kukusaidia pale usipokuwa na uhakika. Ukimaliza kutia alama zile sentensi zinazong'ata, angalia zimechukua sehemu gani ya ukurasa. Zikizidi nusu acha habari ya muhtasari, tafsiri yote. Kufupisha ukurasa uliojaa masharti ni kazi ngumu kuliko kuutafsiri, kwa kila sharti unakaa unajadiliana na nafsi yako hili niliache au niliweke, na mwisho unatumia muda uleule unapata kitu pungufu. Mkataba wa kupanga nyumba uko hivyo. Maelekezo ya kutumia dawa yako hivyo, hayo usiyafupishe kabisa, kipimo na mara ngapi kwa siku na usichanganye na nini vyote vinang'ata. Upande wa pili kuna ukurasa wa tangazo, waraka wa kampuni kuwashukuru wateja, habari ya gazeti, hapo utatia alama sentensi moja au usitie kabisa, toa kiini lala.

Kuhusu muda, ili usijilaumu: mtafsiri anayefanya kazi hii kila siku anahesabiwa kutoa maneno kama 2,000 mpaka 3,000 kwa siku nzima ya kazi, na hiyo ni maandishi safi ya kwenye kompyuta. Ukurasa wa maneno 550 kutoka kwenye picha, na kurudia kusoma, ni saa mbili za mtu aliyezoea. Kwa hiyo jioni yako nzima si uzembe. Afu tafsiri kamili inayotaka kuaminika inasomwa na mtu wa pili akiwa na karatasi ya asili pembeni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17100 cha mwaka 2015 kinalazimisha hivyo kwa makampuni ya tafsiri yanayokifuata. Wewe huna mtu wa pili, basi ilaze tafsiri yako usiku mmoja uisome kesho yake, utashangaa.

Sasa twende kwenye picha yenyewe, kwa sababu kuna wakati picha ndo inakuamulia. Kiini kinaweza kutoka kwenye picha mbovu, tafsiri kamili haiwezi. Kabla hujaanza kufanya lolote vuta picha ikuzwe uende kwenye herufi ndogo kuliko zote, zikisomeka bila kubahatisha uko sawa. Zikiwa zimeyeyuka usimalizie kwa hisia, omba picha nyingine, na mwambie aitume kama faili, sio kama picha ya kawaida, programu nyingi za kuchati zinaibana picha na kinachokufa kwanza ni maandishi madogo. Mwambie pia aipige kwa juu kabisa, pembe zote nne zionekane, apige na nyuma ya karatasi. Kama kuna kona imeandikwa 1/2 maana yake kuna ukurasa wa pili hajakutumia, na kwa kawaida ukurasa wa pili ndo wenye masharti. Kama mstari wa mwisho umekatika katikati ya sentensi hivyohivyo. Mwambie kabla ya kufupisha, manake ukishatoa muhtasari wa nusu barua hakuna atakayekumbuka ilikuwa nusu.

Namba ndo zinapoteza watu kuliko maneno. Kwenye barua yetu imeandikwa 1.250,00. Nchi nyingi za Ulaya nukta inatenga maelfu na mkato unatenga senti, sehemu nyingine ni kinyume, kwa hiyo usinakili tu, angalia mfumo upi unatumika kwenye ukurasa huo. Tena kwenye picha yenye kivuli 1 na 7 zinafanana, 3 na 8 zinafanana. Dawa ni kupiga hesabu: 3.400 toa 2.150 inabaki 1.250, kwa hiyo ni 1 sio 7 na mambo yameshikana. Barua nyingi za hela zina hesabu inayoweza kujihakiki yenyewe ukiitafuta. Tarehe vilevile. 03/09 inaweza kuwa tarehe 3 mwezi wa tisa au tarehe 9 mwezi wa tatu. Tafuta kwenye ukurasa tarehe nyingine yenye namba inayozidi 12, hapa tuna 21/08 ya fundi, mwezi wa 21 haupo, basi hawa wanaanza na siku na barua ni ya 3 Septemba. Bila hiyo ungeweza kumwambia mtu muda wa pingamizi uliisha zamani kumbe ana siku kumi mkononi. Na ukihesabu siku za mwisho angalia zinaanza lini, tangu tarehe ya barua au tangu alipoipokea, hivyo ni vitu viwili tofauti na sentensi yenyewe huwa inasema. Kama haisemi usimpe tarehe, mpe sentensi ilivyo.

Kabla ya kutuma muhtasari wowote fanya huu ukaguzi mdogo. Pita kwenye picha ukihesabu kila namba: tarehe, hela, siku, namba za vifungu. Kisha kila moja itafute kwenye muhtasari wako. Ama iwepo, ama uweze kusema kwa nini haipo. Baada ya hapo pita tena ukitafuta maneno ya kukanusha na ya kubagua, "si", "isipokuwa", "endapo", "bila ya", kwa lugha ya barua, uone kama yamevuka salama. Kufupisha kuna tabia ya kula hayo kwanza kwa kuwa ni mafupi, na "utalipwa endapo utaleta risiti" inageuka "utalipwa, lete risiti". Ukaguzi wote dakika tano, kwa kweli ungekuwa umekuepusha na yule anayekuja kulalamika kuhusu tarehe.

Kuna mahali pa kusema hapana pia. Akikuambia barua inapelekwa ofisi ya serikali au mahakamani, muulize ofisi inataka tafsiri ya aina gani kabla hujaandika neno. Uhamiaji wa Marekani kwa mfano wanataka tafsiri kamili ya waraka wote na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba ni kamili, ni sahihi, na kwamba yeye anazimudu lugha hizo. Nchi nyingine zinataka mtafsiri aliyeapishwa, na hapo hata ukitafsiri vizuri namna gani haitapokelewa. Unachoweza kumsaidia ni kumpa kiini ili ajue ameshika nini, afu umwelekeze kwa mwenye muhuri.

Na voisi noti, ukiweza acha. Najua ni rahisi, unasoma huku unaongea, lakini mtu hawezi kurudi kuangalia tarehe ndani ya sauti ya dakika nne, ataikumbuka vibaya. Ongea kama anataka sauti, ila namba zote na ile sentensi ya juu ya sahihi ziandike chini yake. Yule asiyekujibu atafanya nini na barua, anayesema tu "we niambie imeandikwaje", mchukulie kuwa ni mtu wa kutenda. Mpe mchanganyiko, na ile orodha ya ulichoacha, akitaka zaidi anajua aombe aya ipi.